Kadi Nyekundu ya Mama Mkwe

Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita alikuwa mtu wa kufurahi upesi, na siku aliyorudi kutoka semina ya walimu alifurahi mpaka akapitiliza mlango wa nyumba yake mwenyewe. Jirani ndiye aliyemshtua, akamuuliza kama amehama. Akacheka, akarudi nyuma, akaingia ndani na mkoba umejaa mawazo.

Semina ilikuwa ya siku nzima, kwenye ukumbi wenye feni iliyozunguka bila kupepea mtu, na mengi yaliyosemwa humo yalimpita. Kitu kimoja tu kilimkaa. Mwezeshaji wao, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, aliwagawia vipande vitatu vya karatasi ngumu kila mmoja: kijani, njano na nyekundu, rangi za taa za barabarani. Akawaambia kwamba mwalimu akiuliza darasa, "Mmeelewa?", darasa lote litaitika ndiyo, hata kama limelala. Lakini mpe kila mtoto kadi tatu, usimamishe somo katikati, umwombe aonyeshe moja. Kijani maana yake nimeelewa na ninaweza kumweleza mwenzangu. Njano, nimeelewa kidogo, bado kuna mahali panasumbua. Nyekundu, nimepotea, naomba tuanze tena. Mwalimu anatupa jicho mara moja, anajua aendelee, arudie, au awagawe watoto kwa makundi.

Mwalimu wa hesabu alikuwa na miaka kadhaa kazini na kila mwaka kulikuwa na watoto waliomwitikia ndiyo, ndiyo, mpaka siku ya mtihani ndipo akagundua kuwa hawakuwa naye tangu mwanzo wa muhula. Kwa hiyo alipoziona zile kadi alihisi kama mtu aliyepewa dirisha kwenye chumba alichozoea kupapasa gizani.

Jioni ile ile alimsimulia mama mkwe wake, ambaye alikuwa akiishi nao tangu astaafu. Mama huyu alifanya kazi ya kupokea simu kwenye hospitali kubwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kazi ile ilimwachia tabia moja ambayo familia nzima iliijua: hakuona haya kumwambia mtu arudie. Awe daktari bingwa, awe mkwe, awe mtangazaji wa redio asiyeweza kumsikia, yeye angesema tu, "Rudia tafadhali, sijakupata." Alisema hospitalini ukijifanya umesikia jina la mgonjwa, mtu anaweza kukatwa mguu usio wake. Mwanawe, yaani mume wa mwalimu, alidai mama anapiga chuku, lakini hakuna aliyethubutu kuhakikisha.

Mama mkwe alisikiliza habari za kadi, akauliza mara mbili njano inamaanisha nini hasa, akaridhika. Shemeji, mdogo wa mume, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapa, alileta mabaki ya karatasi ngumu ambayo yangetupwa. Wakakaa mezani wote, mwalimu akipima, mume akikata, mama mkwe akitoboa pembe kwa kitoboleo na kufunga kila kadi tatu kwa uzi. Mama mkwe alifunga zaidi ya zilizohitajika. Alisema mtoto na karatasi hawakai pamoja wiki nzima, na katika hilo alisema kweli.

Siku ya kwanza darasani ilikuwa kama sikukuu. Watoto walizipenda kadi kabla hata ya kujua ni za nini. Mvulana waliyemwita Kamusi, kwa sababu kila swali lilimkuta na jibu mdomoni, alizipanga mbele yake kama karata. Jirani yake wa dawati moja, msichana waliyemwita Redio kwa utani kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo kiasi cha kuhitaji kutegewa sikio, alizishika kwa ncha za vidole kama kitu cha kuazima.

Mwalimu alieleza kila rangi, akaandika maana zake ubaoni, kisha akafundisha kuzidisha sehemu kwa sehemu. Katikati ya somo akasimama, akawaambia waonyeshe. Mikono ikapanda. Darasa zima likawa kijani, mstari kwa mstari, kama bustani iliyonyeshewa. Nyekundu ilikuwa moja tu, ya mvulana mmoja wa nyuma, na wenzake walipomgeukia, wakaanza kumwita Zimamoto, naye akaishusha haraka akapandisha kijani. Mwalimu hakuliona lile, maana alikuwa amekwisha kufurahi. Aliwaambia wajipigie makofi kwa kijani chao kizuri. Wakapiga makofi mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza.

Kabla ya kengele aliwapa swali moja kila mtu alifanye kwenye kipande cha karatasi, akazikusanya. Alizisahihisha ofisini akinywa chai. Karatasi za kwanza zilikuwa na makosa, akasema ni bahati mbaya. Zilizofuata nazo zilikuwa na makosa. Alipofika nusu ya rundo chai ilikuwa imepoa na yeye pia. Waliopata walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Redio hakuandika jibu kabisa; alikuwa ameandika swali upya, kwa mwandiko mzuri, akapigia mstari.

Mwalimu aliyefundisha upande wa pili wa ukuta, mzee mwenye kubakiza mwaka mmoja kustaafu, alikuwa kwenye meza ya jirani. Walimu wote walimwita Mwalimu Rula, kwa sababu alitembea nayo hata chooni. Aliziangalia zile karatasi kwa juu ya miwani, akasema kwa upole tu kwamba yeye hajawahi kumuuliza mtoto kama ameelewa, kwa sababu mtoto hajui. Mwalimu wa hesabu akazipanga upya zile karatasi. Jambo lililomuuma ni kwamba mzee alikuwa amekosea na amepatia kwa wakati mmoja.

Usiku huo alilala vibaya. Asubuhi, akiwa anachemsha maji, alimweleza mama mkwe kilichotokea: kadi kijani tupu, majibu mabovu matupu. Mama mkwe alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo cha jikoni. Akauliza walipoonyesha kijani yeye alifanyaje. Akajibiwa kwamba aliwaambia wapige makofi.

"Sasa mwanangu," mama mkwe akasema, "umewapigia makofi kijani, halafu unataka nani akuletee nyekundu?"

Mwalimu akasimama na sufuria mkononi. Alijua papo hapo. Alikuwa ameigeuza ile kadi kuwa alama ya ushindi, na hakuna mtoto anayetaka kushindwa mbele ya wenzake kwa hiari yake.

Basi akabadilisha mambo. Aliwaambia watoto kwamba kuanzia leo hakuna rangi ya kupigiwa makofi wala ya kuchekwa, na hakuna rangi inayoandikwa popote. Kadi zingeshikwa kifuani, zikimwelekea yeye, si juu ya kichwa ambako kila mtu angeziona. Zingeonyeshwa wote kwa pamoja, baada ya kuhesabu tatu, ili asiwepo wa kutazama ya jirani kwanza. Na mwenye kijani ajue kwamba anaweza kuombwa wakati wowote amweleze mwenzake, maana hiyo ndiyo maana ya kijani. Hapo Kamusi alikaa sawa kidogo. Kuhusu jina la Zimamoto, ambalo lilikuwa limemfikia baadaye, alisema jambo moja tu, kwamba anayemwita mwenzake jina kwa sababu ya rangi atakuja kumsaidia yeye kufuta ubao juma zima. Yule mvulana wa nyuma akalitabasamia dawati lake.

Ilisaidia, lakini taratibu. Njano zilianza kuchomoza, moja hapa, mbili kule. Nyekundu zilikuja kwa woga, zikijificha nusu chini ya kidevu. Mwalimu alipoziona alisema asante, kwa sauti ile ile anayotumia kuomba chaki, kisha akawaweka wenye njano karibu na wenye kijani waelezane, yeye akaenda kukaa na wenye nyekundu kwenye pembe ya darasa. Mara ya kwanza alipofanya hivyo, watoto watatu walikuja na nyuso za watu walioitwa ofisini kwa mkuu. Mara ya pili walikuja wakiburuta viti wenyewe.

Ila Redio hakubadilika. Hata kwa kuhesabu tatu, jicho lake liliwahi. Kamusi akiwa kijani, naye kijani. Siku Kamusi alipokosea akachomoa njano badala ya kijani kwa kuwa uzi ulijipinda, Redio naye akawa njano, na Kamusi alipogundua kosa na kubadilisha, kadi ya Redio ikageuka pia, kama kivuli. Mwalimu alijaribu kumwita pembeni. Redio alisema ameelewa. Alisema hivyo kwa adabu, macho chini, na mwalimu alijua mlango umefungwa kwa ndani.

Ndipo mkuu wa shule akatangaza siku ya wazazi. Kila darasa lingefanya somo la wazi, na wazazi wangeingia na kukaa nyuma. Wakati huo darasa la sita lilikuwa limefika kwenye kugawanya sehemu kwa sehemu, somo ambalo mwalimu alilichukia tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi, kwa sababu lina kanuni fupi inayotoa jibu sahihi bila mtu kujua kwa nini. Pindua ya pili, kisha zidisha. Watoto waliikariri kwa siku moja, wakaiimba hata kwenye foleni ya maji. Kijani zilirudi kwa wingi, na safari hii hata majibu yalikuwa sahihi. Mwalimu Rula, aliyesikia wimbo ule ukipenya ukutani, alimpongeza kwa dhati.

Siku yenyewe wazazi walijaa kuliko viti. Baba yake Redio, fundi bomba mwenye mabega mapana, alibanwa kwenye dawati la nyuma, magoti yakimkaribia kidevu. Mwalimu Rula alisimama mlangoni kwa kuwa darasa lake lilikuwa limemaliza. Mkuu wa shule alikaa karibu na dirisha. Na katikati ya msongamano huo mwalimu aliona kilemba anachokijua kikiingia. Mama mkwe alikuwa amekuja shuleni kumwangalia mjukuu wake, mtoto wa mwalimu, aliyekuwa darasa la pili, lakini somo la huko lilikuwa wimbo mmoja tu, likaisha. Akaja kuona kadi zake zinavyofanya kazi. Na mkobani alikuwa na zile za ziada. Kabla mwalimu hajasema lolote, mama mkwe alikuwa anazigawa kwa wazazi mmoja mmoja, akiwaeleza rangi, kama mtu anayegawa mialiko.

Somo likaanza. Mwalimu aliandika ubaoni nusu gawanya kwa robo. Watoto walishaijua. Kamusi alikwenda mbele, akapindua robo ikawa nne juu ya moja, akazidisha, akapata nne juu ya mbili, akarahisisha, akaandika mbili. Mwandiko ulikuwa wa kutundikwa. Mwalimu akaliambia darasa liangalie kazi ile vizuri, halafu akahesabu moja, mbili, tatu.

Kijani. Kila kifua. Mbele ya mama na baba zao hakuna mtoto aliyekuwa tayari kuwa rangi nyingine. Wazazi wakanong'ona kwa kuridhika, na wengi wao, kwa kufuata watoto, nao wakaonyesha kijani. Mkuu wa shule akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu akageuka kuandika swali linalofuata.

"Samahani, Mwalimu," ikasema sauti kutoka nyuma, ile sauti safi iliyowahi kuunganisha simu za hospitali nzima. "Rudia tafadhali, sijakupata."

Mama mkwe alikuwa amesimama. Kadi nyekundu ilikuwa mkononi, imeinuliwa juu kabisa ya kilemba.

Vicheko vikapita darasani kama upepo, kisha vikasita, kwa sababu hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kumcheka bibi wa mtu, tena mama mkwe wa mwalimu. Mwalimu akaweka chaki chini. Akamwomba aseme ni wapi palipomsumbua.

"Hapo kwenye jibu," mama mkwe akasema. "Umechukua nusu ya kitu, ukaigawa, ikawa viwili vizima. Mimi nikigawa kitu huwa kinapungua. Huyu kijana amegawa kikaongezeka. Kimetoka wapi?"

Mwalimu aliitazama ile mbili ubaoni. Lilikuwa swali zuri kuliko lolote aliloulizwa mwaka ule, na lilikuwa ndilo swali alilowahi kujiuliza akiwa mtoto, akalimeza. Akawageukia watoto. Aliwaambia Bibi ana nyekundu, na wao wote wana kijani, na kijani maana yake ninaweza kumweleza mwenzangu. Nani amweleze Bibi?

Kamusi aliinua mkono haraka, akasema unapindua ya pili kisha unazidisha. Mama mkwe alimshukuru, akasema hilo amelisikia vizuri sana, ila hakuuliza wamefanyaje. Ameuliza kwa nini kimeongezeka. Kamusi akaangalia kadi zake, na kwa mara ya kwanza tangu zifike darasani, akachomoa njano kwa kukusudia.

Redio aliona. Lakini hakufuata. Alikaa muda akiitazama ile kadi nyekundu iliyokuwa bado juu hewani mkononi mwa mwanamke mzima asiyeona haya yoyote, mwanamke aliyesimama mbele ya mkuu wa shule na wazazi wote kama aliyesimama kwenye foleni ya kawaida. Kisha Redio akatafuta kwenye uzi wake, polepole, akaitoa nyekundu akaiweka kifuani. Baba yake, kule nyuma, alinyoosha shingo kuona.

Baada ya hapo ilikuwa kama mvua inapoanza. Nyekundu ya yule mvulana wa nyuma. Njano mbili dirishani. Nyekundu tena. Mwalimu akawaambia wote waangalie upya kadi zao, wajibu swali la Bibi kimoyomoyo, halafu waonyeshe. Akahesabu tatu. Kijani kilichobaki kilikuwa kimoja, cha mtoto aliyekuwa anamwangalia mama yake badala ya ubao. Hata mzee mlangoni, Mwalimu Rula, alikuwa amepewa kadi na mama mkwe alipopita. Na kila mtu aliyegeuka aliona ameshika njano, rula ikiwa kwapani.

Mwalimu angeweza kuaibika. Alisema baadaye kwamba alichohisi kilikuwa karibu sana na kutaka kuimba. Kwa mara ya kwanza alikuwa analiona darasa lake lilipo kweli.

Aliacha kila alichopanga. Akatoa karatasi tupu kutoka kabatini, akamgawia kila aliyekuwa chumbani, mtoto na mzazi. Akawaambia wazikate vipande virefu vinavyolingana. Kimoja wakiache kizima. Cha pili wakikunje mara moja wapate nusu. Cha tatu wakikunje mara mbili wakichane wapate robo. Kukawa na kelele za karatasi na kunong'onezana, wazazi wakikunja upande usio sahihi na watoto wakiwarekebisha. Fundi bomba alichana robo zake kwa ukucha, zikatoka zimenyooka.

Kisha mwalimu akawaambia wasahau neno kugawa kwa dakika moja. Badala yake wajiulize: kwenye hiki kipande cha nusu, robo zinaingia ngapi? Wazipange juu yake.

Mtu akasema, "Aaa," kwa sauti ya chini, kama aliyeonyeshwa mtego wa mchezo wa karata. Halafu mwingine. Robo mbili zilikaa juu ya nusu, kingo kwa kingo. Mbili. Haikuwa mbili nzima za kitu. Ilikuwa mbili za robo. Hakuna kilichoongezeka, kilichobadilika ni unachohesabia.

Redio alikuwa hajainua kichwa. Alikuwa amepanga robo zake juu ya kile kipande kizima, akazihesabu, akazirudisha kwenye nusu, akazihesabu. Mwalimu alipita karibu yake akasimama. Midomo ya Redio ilikuwa inacheza. Mwalimu akainama akamuuliza kwa sauti ndogo kama angependa kumweleza Bibi. Alitegemea kichwa kitikiswe. Redio akasimama.

Alipitia katikati ya madawati na vipande vyake vya karatasi, mpaka kwa mama mkwe, na akaanza kuongea na meza. Mama mkwe akamwambia, "Rudia tafadhali, mjukuu wangu, sijakupata." Redio akaongeza sauti kidogo. Mama mkwe akamwomba arudie tena. Na safari ya tatu sauti ilitoka kubwa kiasi cha kusikika hadi mlangoni.

"Kwenye kimoja kizima zinaingia robo nne," Redio alisema, akizipanga. "Kwa hiyo kwenye kitu chochote, unazidisha kwa nne, unajua robo zinazoingia. Kwenye nusu ni nusu ya nne. Mbili. Ndiyo maana tunapindua. Ile nne ya chini ndiyo inakuja juu."

Mama mkwe alizishika robo, akazipanga mwenyewe, akazipangua, akazipanga tena. Hakuharakishwa na mtu. Halafu akaweka chini kadi nyekundu, akachomoa njano, akaifikiria, akaiacha, akachomoa kijani. Akasema sasa amepata, na kama kuna mzazi asiyeelewa aje kwake.

Watu walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha wote. Kamusi alikuwa amekaa akizungusha vipande vyake. Akamuuliza Redio, pale pale mbele ya watu, kwa nini nne inakuja juu, arudie, hakumalizia kusikia. Redio akarudi dawatini, akamwonyesha. Kichwa kwa kichwa walikaa, na mwalimu akawaacha.

Wangeweza kuishia hapo na kila mtu angeenda nyumbani na furaha yake. Lakini Redio aliinua mkono. Baba yake baadaye alisema hakuwahi kuuona mkono ule ukiinuka nje ya nyumba. Aliuliza itakuwaje tukifanya kinyume, robo gawanya kwa nusu. Maana nusu haiingii kwenye robo.

Mwalimu aliandika swali lile ubaoni, akawaambia wajaribu kwa karatasi kwanza, kanuni baadaye. Chumba kizima kikainama. Wazazi walisahau kwamba wao ni wageni. Mkuu wa shule aliomba kuazimwa nusu, yake ilikuwa imechanika. Wengine walisema haiwezekani, wengine wakasema sifuri. Yule mvulana wa nyuma, aliyekuwa Zimamoto kwa siku moja, ndiye aliyeona kwanza: alilaza nusu juu ya robo, akaona iliyoingia ni sehemu tu ya ile nusu, akaikunja ilipozidi, na mkunjo ukaja katikati kabisa. Nusu ya nusu imeingia. Jibu ni nusu. Wakaipitisha kwenye kanuni: robo mara mbili, nusu. Ikakubali. Kelele iliyotoka humo ilimfanya mlinzi wa geti aje kuuliza kama kuna amani.

Mwalimu akawapa swali moja la kufanya peke yao kwenye kipande cha karatasi, kama siku ile ya kwanza, robo tatu gawanya kwa thumuni, yaani moja ya nane, na akawaomba wachore kabla ya kukokotoa. Akawaambia waweke kadi juu ya karatasi zao wanapotoka, rangi yoyote iliyo ya kweli.

Mwalimu Rula alimsaidia kuzikusanya. Alisema amefundisha kupindua kwa maisha yake yote ya kazi, na leo ndiyo ameambiwa kwa nini, tena na mtoto. Kisha akauliza, huku akitazama upande mwingine, kama shemeji wa mwalimu bado ana mabaki ya karatasi ngumu dukani.

Wazazi walipokuwa wanatoka, fundi bomba alibaki. Alikuwa na jambo la kusema na hakujua aanzie wapi, akizungusha kofia. Mwisho alimwambia mwalimu kwamba nyumbani Redio anaongea mpaka wanamwomba apumzike. Walimu wote waliopita walimwambia binti yake ni mtulivu, mwenye nidhamu, naye alikubali, akadhani labda shuleni ni mtu mwingine. Leo amemsikia yule wa nyumbani. Akacheka, akamshika binti yake begani wakaondoka, Redio akiwa tayari anamweleza jambo na mikono yake yote miwili.

Mwalimu na mama mkwe walirudi nyumbani kwa miguu, mjukuu katikati yao akiimba wimbo wa darasa lake la pili. Mwalimu alitaka kujua jambo moja. Akamuuliza mama mkwe kama kweli hakuwa ameelewa, au aliinua ile nyekundu makusudi, kuwasaidia watoto.

Mama mkwe alimtazama kama aliyeulizwa swali la ajabu.

"Nilikuwa nimepotea kabisa," akasema. "Ningejifanya ili iweje?"

Jumatatu iliyofuata darasa la sita lilianza desimali. Mwalimu alieleza nafasi ya nukta, akatoa mfano wa kwanza, akasimama, akahesabu tatu. Nyekundu na njano vilichanganyika kifuani kwa watoto, na kijani kilikuwa kidogo sana, na hakuna aliyekuwa anamtazama jirani. Redio alikuwa njano. Kamusi alikuwa nyekundu, kichwa juu. Mwalimu alisimama pale mbele akizitazama rangi zile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, hadi mtoto mmoja akauliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna, hakuna kabisa. Akasema asante. Kisha akavuta kiti katikati ya darasa, akawaambia wasogee wote, waanze upya.